TRUE ya VLOOKUP haitafuti namba iliyo karibu

Nimeletewa tena faili la mishahara ambalo mtu ameacha ujumbe pembeni ya seli: "Usiweke TRUE, inakadiria, itatuletea matatizo na TRA." Kwa kuogopa makadirio hayo, kodi ya kila mfanyakazi ikapigwa kwa IF zilizovaana ndani ya IF, na viwango vya zamani vimejificha katikati ya mabano. Jamani.

TRUE, ile inayoandikwa mwisho wa VLOOKUP ya Excel, haikadirii chochote wala haichukui namba iliyo karibu zaidi. Inashuka kwenye kizingiti kikubwa kuliko vyote ambacho hakijazidi namba yako, basi. Ni kama mtu aliyesimama kwenye ngazi: hata akibakiza inchi moja kufika kidato cha juu, miguu yake bado iko kidato cha chini.

Chukua PAYE ya Tanzania Bara, viwango vya mwezi vilivyoanza Julai 2021. Kolamu A ni mahali ngazi inapoanzia, B ni kodi iliyokwisha kukusanywa kwenye ngazi za chini, C ni asilimia ya kinachozidi.

```
     A          B        C
2          0         0    0%
3     270000         0    8%
4     520000     20000   20%
5     760000     68000   25%
6    1000000    128000   30%
```

Kipato kinachotozwa kodi, yaani baada ya kutoa mchango wa pensheni, kiko F2:

```
=VLOOKUP(F2,$A$2:$C$6,2,TRUE)
 +(F2-VLOOKUP(F2,$A$2:$C$6,1,TRUE))
 *VLOOKUP(F2,$A$2:$C$6,3,TRUE)
```

Mwenye 750,000 yuko karibu sana na 760,000 kuliko 520,000. Kama TRUE ingekuwa inatafuta jirani, angepelekwa ngazi ya 25%. Haimpeleki. Inamweka 520,000: 20,000 jumlisha 20% ya 230,000, jumla 66,000. Sawasawa na sheria. Mwenzake mwenye mshahara wa 850,000 akikatwa 10% ya NSSF anabaki na 765,000, naye ndiye anayevuka: 68,000 jumlisha 25% ya 5,000, jumla 69,250.

Matatizo yanayosingiziwa TRUE kwa kawaida yako kwenye jedwali. La kwanza ni kuweka vikomo vya juu kwenye kolamu A, kwa sababu jedwali lililochapishwa linasema "hadi 520,000" na mtu akanakili alivyoona. Hapo mwenye 400,000 anaangukia mstari wa 270,000 na kulipa 0%, na mwenye 200,000 anapata `#N/A` kwa kuwa hakuna kizingiti kilicho chini yake. Ile `#N/A` ya mfanyakazi wa kipato cha chini ndiyo kengele yako. Lakini watu wanafanya nini? Wanaifunika kwa IFERROR, inaandika 0, na kwa kuwa kodi yake kweli ni 0, kila mtu anaridhika. Kengele imezimwa, nyumba inaendelea kuungua.

La pili ni mpangilio. Excel hapa haitembei kutoka juu kwenda chini. Inapasua jedwali katikati, inalinganisha, inatupa nusu moja, inaendelea na nusu nyingine. Ligeuze jedwali letu lianze na 1,000,000 na kuishia na 0, kisha tafuta 600,000. Katikati iko 520,000, ndogo kuliko 600,000, kwa hiyo inaamini jibu liko hapo au chini yake. Chini inakuta 270,000, kisha 0, zote ndogo. Inatua kwenye 0 na kukupa kodi sifuri bila kosa lolote kuonekana. Ndiyo maana napenda kuacha kolamu moja inayoonyesha kizingiti kilichoshikwa, ile VLOOKUP yenye 1. Ukiona 0 mbele ya mtu wa 600,000, hujahitaji fundi.

Kolamu B nayo isichapwe kwa mkono. Kabla ya Julai 2021 ngazi ya pili ilikuwa 9%, na B ilisoma 22,500, 70,500 na 130,500. Aliyebadili 9% kuwa 8% akaisahau B aliendelea kumkata kila mwenye zaidi ya 520,000 shilingi 2,500 za ziada kila mwezi. Weka hii B3 uishushe hadi B6:

```
=B2+(A3-A2)*C2
```

Sasa kwenye linaloniudhi kuliko yote: ubishi wa "mpaka". Sheria inasema "kinachozidi 270,000", na TRUE inahesabu 270,000 yenyewe kuwa imeshaingia ngazi mpya. Kwa hiyo kuna mtu lazima aandike 270,001, 520,001, na kadhalika, halafu anitumie kwa fahari. Kwenye PAYE haina maana yoyote. Mwenye 520,000 kamili ukimweka ngazi ya chini analipa 8% ya 250,000, yaani 20,000. Ukimweka ya juu analipa 20,000 jumlisha 20% ya sifuri. Kodi ni ileile, kwa sababu kila ngazi inaanzia pale iliyopita ilipoishia. Unachopata kwa ile 1 ni kutoa 1,000,001 badala ya 1,000,000, na kila mtu wa ngazi ya juu anatofautiana na hesabu ya TRA kwa senti 30. Kisha mnakesha kutafuta senti.

Lakini kamisheni ni habari nyingine, na hapa aliyeandika 270,001 ana haki ya kuniuliza. Kampuni nyingi hulipa asilimia moja kwa mauzo yote, si kwa kinachozidi tu. Tuseme 2% kuanzia sifuri na 3% kwa "zaidi ya milioni 5". Aliyeuza 5,000,000 kamili ni 100,000 au 150,000? TRUE itampa 150,000, mkataba unasema 100,000. Kizingiti cha 5,000,001 kinafaa kama mauzo ni shilingi nzima. Yakiwa na senti, wa 5,000,000.50 anadhulumiwa. Mimi hapo naacha vizingiti vya chini na kutumia vikomo vya juu, kwa XLOOKUP inayochukua namba yenyewe au kubwa inayofuata:

```
=XLOOKUP(ROUND(F2,2),$A$2:$A$3,$B$2:$B$3,,1)
```

Hapa F2 ni mauzo, na A inabeba 5000000, kisha kikomo kikubwa kama 1E+12. B ni asilimia. XLOOKUP ya namna hii haidai jedwali lipangwe. ROUND ipo kwa sababu seli inayoonyesha 5,000,000 inaweza kuwa na 5,000,000.004 baada ya kugawa kwa 1.18 ili kutoa VAT, na hiyo 0.004 ya shilingi itamvusha mtu ngazi.

Sipendi sana kuwa na faili moja lenye vizingiti vya chini kwenye kodi na vikomo vya juu kwenye kamisheni. Anayerithi faili hilo atachanganyikiwa. Sijapata njia safi zaidi. Na kuna mauzo hasi, mwezi ambao marejesho yamezidi mauzo: VLOOKUP ya TRUE inatoa `#N/A`, ila XLOOKUP hii ya vikomo inamkata muuzaji 2% ya marejesho bila kuuliza mtu. MAX(0,F2) inazuia, lakini kama kweli anapaswa kukatwa, hilo mwulize aliyeandika mkataba kabla hujagusa fomula.