Hao "wachache" si lazima wawe wachache

Juzi nimemsikia tena mtu akiwaelekeza wenzake namna ya kuunganisha mizania: "Kampuni tanzu ni yetu kwa asilimia 80 tu, kwa hiyo chukua asilimia 80 ya kila kitu. Zile 20 za wachache achana nazo." Wenzake wakaandika. Nikanyamaza, maana hakikuwa kikao changu, lakini si mara ya kwanza wala ya tatu kulisikia.

Maana zenyewe ni fupi. Taarifa ya pamoja ya hali ya kifedha, yaani mizania ya pamoja, huonyesha kampuni mama na kampuni tanzu kana kwamba ni kampuni moja. Nemsi, au gudwili kama wengi tunavyoitamka, ni ziada iliyobaki ukijumlisha gharama ya ununuzi na sehemu ya wenye hisa wengine, kisha ukatoa mali halisi ya kampuni tanzu, yaani mali ukishatoa madeni. Sehemu ya kampuni tanzu isiyo ya kampuni mama huitwa maslahi yasiyo na udhibiti.

Hilo jina la mwisho ndilo linalonikera likichezewa. Zamani liliitwa "maslahi ya wachache", na wengi hawajaliacha. Viwango vya kimataifa vililiondoa katika marekebisho ya 2008, tena si kwa kupenda maneno marefu. "Wachache" ni neno la kuhesabu, ilhali kinachoamua kampuni iunganishwe au isiunganishwe ni udhibiti. IFRS 10, kiwango cha taarifa za pamoja za kifedha, ina mfano wa mwekezaji mwenye asilimia 48 ya kura, huku zilizobaki zimetawanyika kwa maelfu ya wenye hisa, hakuna hata mmoja mwenye zaidi ya asilimia 1, wala hawana makubaliano ya kupiga kura pamoja. Huyo wa 48 anahesabiwa kuwa na udhibiti. Hao wengine wana asilimia 52, na bado kuna atakayewaita wachache.

Ukilielewa neno udhibiti, kosa la yule mwelekezaji linajionyesha lenyewe. Kampuni tanzu ikiwa na malori 10, kampuni mama haiamrishi manane ikawaachia wenzake mawili. Inaamua yote 10 yaende wapi. Ndiyo maana mali yote huingia kwenye mizania ya pamoja, na madeni yote vilevile. Suala la nani anamiliki kiasi gani linajibiwa upande wa mtaji, kwenye mstari wake peke yake. Narudia, mtaji, wapo wanaouweka mstari huo kwenye madeni, wakati kundi, yaani kampuni mama na tanzu kwa pamoja, halina wajibu wa kuwalipa hao wenye hisa kama linavyomlipa mkopeshaji.

Tuchukue hesabu. Kampuni mama inanunua asilimia 80 kwa milioni 500. Siku hiyo mali halisi ya kampuni tanzu, kwa thamani ya haki, ni milioni 450. Tukiyapima maslahi yasiyo na udhibiti kwa sehemu yao ya mali hiyo, tunapata asilimia 20 ya 450, yaani milioni 90. Nemsi ni 500 jumlisha 90, toa 450: milioni 140.

Viwango vya kimataifa vinaruhusu pia kuyapima maslahi hayo kwa thamani ya haki. Tuseme hisa zao siku hiyo zina thamani ya milioni 110. Nemsi sasa ni milioni 160. Ile 20 iliyoongezeka haikutoka hewani. Ni nemsi ya hao wenzetu, ambayo njia ya kwanza haikuihesabu. Kwa hiyo nemsi ikishuka thamani, njia ya kwanza inaitwisha kampuni mama hasara yote, na ya pili inawagawia wote.

Miaka miwili baadaye, tukiendelea na njia ya kwanza, faida limbikizi ya kampuni tanzu imeongezeka kwa milioni 100. Maslahi yasiyo na udhibiti yanakuwa 90 jumlisha 20, yaani milioni 110. Milioni 80 zinaingia kwenye faida limbikizi ya kundi. Nemsi haiguswi, ikiwa haijashuka thamani.

Hapo ndipo hata wale wanaojua neno sahihi hujikwaa. Wanachukua mali halisi ya leo, 550, na kukokotoa nemsi upya. Asilimia 20 yake ni 110. 500 jumlisha 110, toa 550, wanapata 60, na mizania inawakatalia kwa milioni 80. Ukiona tofauti inalingana na sehemu ya kampuni mama katika faida iliyopatikana baada ya ununuzi, usianze kukagua kila mstari. Rudi kwenye nemsi uiangalie tarehe: huenda umetumia mizania ya leo mahali pa ile ya siku ya ununuzi.