Mstari wima kwenye picha ya simu hauthibitishi kuotea

“Piga picha ya skrini, chora mstari wima kwenye mguu wa beki, mshambuliaji akiuvuka, ameotea. Sambaza!”

Kosa la maelekezo haya mnayosambaziana mashabiki liko kwenye neno “wima”. Ukisimama ukingoni mwa shamba la viazi pale Uyole, matuta yaliyopandwa sambamba huonekana yakikaribiana kadiri yanavyokwenda mbali, na ndivyo kamera iliyowekwa usawa wa katikati ya uwanja inavyoiona mistari.

Tuseme timu inashambulia goli la kulia, beki yuko upande wa mbali na mshambuliaji upande wa kamera. Wakiwa sawasawa kabisa, mshambuliaji bado ataonekana kulia zaidi, kwa sababu mstari halisi unaowaunganisha umelala mshazari pichani.

Kuhakiki si kazi kubwa: kwenye picha hiyohiyo, refusha mstari wa goli na ule wa mbele wa eneo la penalti mpaka ikutane juu, kisha chora mstari wa beki kutokea hapo. Bega au goti lililo hewani lishushwe kwanza hadi usawa wa nyasi, hatua ambayo wengi tunaosimamisha picha kwenye vibanda umiza huisahau.

Picha zenu za wima, basi, zisisambazwe tena. Hata mstari sahihi una kikomo: kwenye video ya picha 25 kwa sekunde, mchezaji anayekimbia mita 7 kwa sekunde husogea sentimita 28 kati ya picha moja na inayofuata.