Daunlaiti siyo spotilaiti, na IP44 siyo "wotapruf"

Juzi tena mteja kanitumia picha ya taa iliyozama kwenye jipsam, chini kaandika "fundi nataka spotilaiti kama hizi bafuni, ziwe wotapruf". Maneno mawili, na yote mawili hayakuwa yenyewe. Najua mtaani tumeshazoea, hata sisi mafundi tunaita hivyo hivyo, ila safari hii lilitaka kumla hela, acha niseme.

Kifupi: daunlaiti inazama darini, unaona uso wake tu, mwili uko juu ya jipsam. Ya safesi inabanwa kwenye uso wa dari na mwili wake wote unauona. Basi.

Spotilaiti sasa. Spoti hapo ni doa, yaani taa inayopiga doa la mwanga sehemu moja, kama ile ya jukwaani inayomfuata muimbaji. Jina linakwambia mwanga unatokaje, halikwambii taa imekaaje, ndo maana kuna spoti za kuzama na spoti za safesi, na kuna daunlaiti zinazomwaga mwanga chumba kizima ambazo siyo spoti hata kidogo. Unaona nabishana na jina tu? Chukua spoti inayotawanya mwanga kwa digrii 36 uiweke kwenye dari ya mita 2.4. Sakafuni inachora duara la kama mita moja na nusu, sawa, lakini kwenye usawa wa kichwa cha mtu mzima duara limebaki sentimita 45 hivi. Simama chini yake ujitazame kwenye kioo: paji la uso linang'aa, macho mashimo mawili meusi. Dari fupi inataka mwanga mpana, digrii 100 kwenda juu.

Halafu kuna hii imani kwamba dari ikiwa fupi lazima taa izame ili "isile nafasi". Ni kweli kama jipsam tayari ipo na juu yake kuna uwazi. Huyu dada aliyenitumia picha yuko ghorofani, juu ya bafu ni zege tupu, mita 2.4 kutoka sakafuni. Ili taa izame ilibidi kwanza ashushe jipsam, na fundi wa jipsam alishampigia mahesabu ya kushusha sentimita 20 ili afiche na mabomba. Taa ya safesi ya duara, ile nyembamba, inashuka sentimita 4. Sasa ipi inakula nafasi?

Na hizo sentimita 20 zina jambo lingine. Kanuni za kimataifa za nyaya za bafuni (IEC 60364-7-701) zinahesabu eneo la juu ya shawa kuwa la maji mpaka mita 2.25 kutoka sakafuni, au zaidi kama kichwa cha shawa kimefungwa juu ya hapo. Dari yake ya zege iko juu ya mstari huo, ila jipsam ya mita 2.2 iko chini yake, yaani kushusha dari kumeihamisha taa ikaingia kwenye maji. Hapo tarakimu ya pili ya IP, ile namba ya kinga inayoandikwa kwenye boksi la taa, haitakiwi kuwa chini ya 4.

Tarakimu ya kwanza ni vumbi na vidole, ya pili ni maji. IP20 haina kinga yoyote ya maji, IP44 inastahimili kurushiwa matone, IP65 inastahimili maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopimwa kwa mvuke wa shawa ya moto unaopanda kila asubuhi, kwa hiyo "wotapruf" ya muuzaji sijui ni ya maji gani. Kibaya zaidi, daunlaiti nyingi namba kubwa ni ya uso tu. Geuza boksi usome maandishi madogo, utakuta mbele IP44 nyuma IP20, na draiva, kile kiboksi kinachoipa taa umeme wake, inalala huko nyuma. Choo cha jirani wa juu kikivuja, maji yanaingilia mgongoni. Hata safesi ya IP65, fundi akitanua tundu la waya au akaacha mpira wake wa kuziba maji kwenye boksi, namba imeshakufa, na utajua ukiona ukungu au matone ndani ya kioo cha taa.

Kwa hiyo dada yangu, ukifika dukani usiseme spotilaiti wotapruf. Sema "taa ya safesi, nyembamba, mwanga mpana, IP65", halafu muombe muuzaji aigeuze uone mgongo na mpira wake kabla hujalipa. Jipsam mwambie fundi asubiri kwanza.