Krediti za kaboni za misitu: ukiona "bidhaa hii haina kaboni" uliza beslaini aliiandika nani

Krediti moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa ambayo mtu anadai haijaingia hewani, au imetolewa hewani, kwa sababu ya mradi fulani. Kampuni inayochoma mafuta inanunua hizo tani, inazitoa kwenye tani zake yenyewe, kinachobaki kikiwa sifuri inajitangaza imefidia kila kitu. Hiyo ndo ofseti. Kujipaka kijani ni pale hilo tangazo linapokuwa kubwa kuliko kazi iliyofanyika. Kwenye krediti za misitu ujanja mwingi unakaa sehemu moja, inaitwa beslaini, na watu wengi wanaosoma haya matangazo hata hawajawahi kulisikia hilo neno.

Krediti nyingi za misitu zilizouzwa miaka iliyopita hazikutoka kwenye kupanda miti kama watu wanavyodhani. Zilitoka kwenye kutokukata. Yaani msitu upo tayari, mradi unakuja unasema tusingekuwepo sisi huu msitu ungekatwa kiasi hiki, tumekuja umekatwa kiasi hiki tu, kwa hiyo tofauti ni yetu tunaiuza. Msitu uliokatwa unaonekana kwenye picha za setilaiti, unapimika, hapo hamna shida sana. Lakini msitu ambao "ungekatwa" haupo popote, ni hadithi ya maisha ambayo hayakutokea. Hadithi hiyo ndo beslaini, na mara nyingi ilikuwa inaandikwa na watu walewale wanaouza krediti, kisha mkaguzi analipwa na mradi huohuo aje kuihakiki.

Tupige hesabu na namba za kutunga uone inavyokuwa. Msitu wa hekta 10,000, kila hekta ikikatwa inatoa tani 400 za hewa ukaa. Mradi unasema bila sisi zingepotea hekta 300 kwa mwaka. Mwaka unaisha, setilaiti inaonyesha zimepotea 50. Tofauti ni hekta 250, mara 400, unapata krediti 100,000. Safi kabisa. Sasa anakuja mtu mwingine anatafuta msitu unaofanana na huo, umbali uleule toka barabarani, udongo uleule, watu wanaishi vilevile, ila hauna mradi. Anakuta kule zimepotea hekta 80 tu. Manake mradi umeokoa hekta 30, sio 250, tani 12,000. Zile 88,000 nyingine ni karatasi tupu, na aliyezinunua ameshapuliza hewani moshi wake wa kweli. Na ona kwamba hakuna aliyedanganya kuhusu mti hata mmoja, miti ipo, ukienda unaikuta, ndo maana picha za msitu mzuri kwenye ripoti ya kampuni hazithibitishi kitu.

Hesabu ya namna hiyo imefanyika kweli. Mwaka 2023 jarida la Science lilitoa utafiti uliopima miradi 26 ya kuzuia ukataji misitu kwenye nchi sita, ikilinganishwa na maeneo yanayofanana yasiyo na mradi. Miradi mingi haikupunguza ukataji kwa kiasi cha kuonekana, na kwenye 18 iliyokuwa na data za kutosha ni kama asilimia 6 tu ya krediti zilikuwa na upungufu halisi nyuma yake. Verra, shirika la Marekani lenye rejista kubwa kuliko zote za krediti hizi, lilipinga mbinu za tafiti za aina hii, na kweli kuchagua msitu wa kulinganishia nako kuna ubishi wake. Ila tofauti ya namba ilikuwa kubwa mno kuiweka kwenye ubishi wa mbinu peke yake.

Mfano unaotajwa sana ni Kariba, kaskazini mwa Zimbabwe, mradi wa eneo kubwa sana, karibu hekta 785,000, ulioanza 2011. Beslaini yake ilitabiri ukataji utaongezeka kwa kasi, miaka ikaenda, kwenye eneo la kulinganishia ukataji haukufika huko, lakini krediti zilikuwa zimeshatolewa na kuuzwa kwa utabiri wa zamani. Muuzaji wake mkuu, kampuni ya Uswisi inaitwa South Pole, ikajitoa kwenye mradi Oktoba 2023. Kumbuka hapo walionunua walikuwa na vyeti halali, vimekaguliwa, viko kwenye rejista. Kwa hiyo "imethibitishwa na shirika la kimataifa" sio jibu, ni mwanzo wa swali.

Baada ya makelele hayo Verra ikaleta utaratibu mpya unaitwa VM0048, ambao beslaini inatokana na data za eneo zima na haitungwi na mwenye mradi. Ukikuta mradi bado unauza krediti za utaratibu wa zamani, hapo kaza macho.

Kuna tatizo lingine, la moto. Kaboni ya mafuta ikishatoka inakaa hewani mamia ya miaka, kaboni ya mti inakaa mpaka mti uungue. Mwaka 2021 moto wa Bootleg kule Oregon uliunguza misitu ambayo krediti zake zilishauzwa. Miradi huwa inaweka pembeni sehemu ya krediti kama akiba ya majanga, swali ni kama akiba inatosha joto likizidi kupanda, mimi binafsi naona ni matumaini kuliko bima.

Sasa kampuni ikikuambia imefidia, anza na tani zake kabla ya kutoa ofseti. Kama mwaka juzi ilitoa tani 500,000, mwaka jana 520,000, na bado inajiita haina kaboni, basi jibu umeshapata, imenunua tu zaidi. Angalia pia wamehesabu nini, maana kampuni ya mafuta inaweza kuhesabu umeme wa ofisi na magari yake ikaacha mafuta yenyewe yanayochomwa na wateja, ambako ndo uchafu mwingi ulipo. Halafu tafuta jina la mradi, mwaka ambao krediti zilizalishwa, na namba zake. Rejista ziko wazi mtandaoni, krediti iliyotumika lazima iwe imeandikwa "Retired", mara nyingi na jina la aliyeitumia, isipokuwa hivyo inaweza kuuzwa tena kwa mwingine. Kampuni inayosema tu "tunasaidia misitu ya kitropiki" bila jina la mradi haijakupa kitu cha kukagua, na mara nyingi imefanya hivyo makusudi.

Ukishapata mradi, soma ile hati yake, ni ndefu inachosha lakini nenda moja kwa moja kwenye beslaini uone nani alikuwa anatishia huo msitu. Kama ni mbuga iliyolindwa tayari kisheria, au ni mlima ambao hata trekta halipandi, huyo mkataji anayetajwa ametoka wapi?

Umoja wa Ulaya umeshaamua, kuanzia 27 Septemba 2026 kumwambia mteja kwamba bidhaa haina madhara kwa hali ya hewa kwa sababu ya ofseti ni marufuku. Ndo maana utaanza kuona maneno yanabadilika, "tumefidia" inakuwa "tunachangia". Hiyo ya pili ina ukweli zaidi, mradi tu ile hesabu ya tani zao ibaki imeandikwa pembeni bila kupunguzwa.