Mota ya antena inapitiliza? Angalia poli zake kwenye bapa la z

Vijana wengi wanaokuja maabara yetu hapa Unguja wanapandisha geini tu mpaka mota iitike haraka, afu ikianza kuyumba wanailaumu mota. Hebu tuifanye kwa njia ya mizizi, yaani kufuata poli za mota ikiwa na kontrola zinavyohama geini inapobadilika.

Chukua mota ya kuzungusha antena, tunataka iangalie Pemba bila kupitiliza sana. Modeli yake ni `1/(s(s+1))`, na maikrokontrola inasoma pembe kila sekunde 0.2, inatoa volti na kuishikilia mpaka sampo ijayo. Kwa kule kushikilia, kontrola inaiona mota hivi:

```
G(z) = 0.01873(z+0.936)/((z-1)(z-0.819))
```

Poli ni pale chini panapokuwa sufuri, yaani 1 na 0.819, na ziro ni pale juu panapokuwa sufuri. Hiyo ziro ya -0.936 mwanzo haikuwepo, imekuja na sampo. Kwa analogi mota hii ingestahamili geini yoyote, lakini hapa ukipita 10.3 poli zinatoka nje ya duara la nusu kipenyo 1 na mota haitulii tena.

Tunataka dampingi 0.7 na kasi asilia radiani 2 kwa sekunde. Geini peke yake inaweza kukupa hiyo 0.7 ila mota inakuwa goigoi, kwa hiyo poli tunazipangia wenyewe pa kukaa: s = -1.4 + j1.43, na kwa `z = e^(sT)`, T ikiwa ile sekunde 0.2, tunapata z = 0.725 + j0.213.

Sasa pima pembe kutoka kila poli na ziro mpaka hapo. Ziro inatoa digrii 7.3, poli ya 1 inakula 142.2, ya 0.819 inakula 113.7, jumla -248.6 wakati njia ya mizizi inataka -180, yaani kontrola lazima ilete digrii 68.6. Weka ziro ya kontrola juu ya poli ya 0.819, inarudisha 113.7, halafu poli yake ipunguze 45.1, nayo inaangukia 0.513. Sharti la ukubwa linatoa geini 3.33, u ikiwa volti na e kosa la pembe:

```
u[k] = 0.513u[k-1] + 3.33(e[k] - 0.819e[k-1])
```

Kwa hesabu inapitiliza kama asilimia 5 tu. Ukiifunga ukaona inapitiliza karibu 18, usikimbilie kupunguza geini, angalia kwanza kodi ya programu yako inatoa volti lini. Wengi wanasoma, wanapiga hesabu, afu volti inatoka kwenye sampo inayofuata, na huko kuchelewa ni poli nyengine kwenye 0 inayokula digrii 16.4, dampingi inashuka mpaka 0.47 hivi. Dawa ni kuihesabu poli hiyo tokea mwanzo: pengo linakuwa digrii 85, ziro inabaki pale pale, poli ya kontrola inahamia 0.336 na geini inakuwa 3.72.