Betri Iliyovimba Bado Inakaa na Chaji: Usidanganywe na Asilimia

Mama mmoja mwenye saiba Kondele, hapa Kisumu, alituletea laptopu yake akilalamika kwamba tachipadi haibonyezeki. Alikuwa ameshabadilishiwa tachipadi mara moja, akalipa, na baada ya wiki mbili shida ikarudi. Niliiweka mezani ikiwa imefungwa, nikaigusa pembeni kwa kidole, ikayumba kama kiti chenye mguu mfupi. Sikuhitaji kufungua kujua: betri ilikuwa imevimba chini ya tachipadi na kuisukuma juu.

"Lakini mwalimu, stima ikipotea bado inanipa saa mbili na nusu," akanijibu.

Alisema kweli. Kwenye kompyuta za Windows kuna amri inayotoa ripoti ya betri:

```
powercfg /batteryreport
```

Ripoti hiyo ina mistari miwili ya kulinganisha: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri iliotoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa sasa ikijaa. Yake ilisoma 41,000 mWh na 33,200 mWh. Gawanya, unapata asilimia 81. Kwa betri ya miaka mitatu hiyo si mbaya hata kidogo, na hapo ndipo watu wengi hupotoka. Ripoti inapima kiasi cha umeme kinachoingia na kutoka. Haina macho ya kuona gesi inayoivimbisha betri.

Gesi yenyewe hutoka wapi? Ndani ya seli ya lithiamu kuna kimiminika kinachopitisha chaji kati ya pande mbili. Kimiminika hicho huchakaa polepole na kutoa gesi, na zipo hali mbili zinazoharakisha kazi hiyo: seli kukaa imejaa muda wote, na joto. Laptopu ya saiba ina zote mbili. Iko kwenye chaja kuanzia asubuhi hadi usiku, asilimia mia, chini ya paa la mabati, mchana wa Kisumu. Seli za laptopu nyembamba zimefungwa kwa mfuko laini wa alumini na plastiki, kwa hiyo gesi ikikosa pa kutokea mfuko hufura. Gesi hiyo inaweza kushika moto. Usiitoboe ili "ipumue", na usiikandamize kwa kufunga skrubu kwa nguvu.

Kuisha haraka ni habari tofauti. Wiki hiyo hiyo kijana alileta laptopu ambayo betri yake ilikuwa bapa kabisa, lakini ilizima ghafla ikisoma asilimia 38. Ripoti yake ilionyesha kwamba ikijaa inabeba 18,000 mWh, yaani wati-saa 18. Laptopu ile hula takriban wati 12, kwa hiyo ingestahili saa moja na nusu. Ilizima baada ya dakika 55. Ukinzani wa ndani wa seli ulikuwa umepanda: fikiria tangi lenye maji ambalo bomba lake limejaa kutu. Maji yapo, ila ukifungua mifereji miwili kwa pamoja, presha inaanguka. Kazi ikizidi, volti ya seli hushuka mpaka laptopu ikadhani betri imekwisha. Betri hiyo imezeeka na inahitaji kubadilishwa, lakini mradi haijavimba wala haichemki, unaweza kungoja mwisho wa mwezi. Ya mama wa saiba, yenye asilimia 81, haikungoja hata jioni.

Pawabenki haina ripoti, kwa hiyo itazame: mshono umeachana, au ukiizungusha mezani inazunguka kama pia? Acha kuitumia. Zile nene zenye seli za duara za chuma hazivimbi kirahisi, basi kwa hizo sikiliza joto lisilo la kawaida na harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Ila usiilaumu pawabenki bure kwamba inaisha haraka. Pawabenki ya 10,000 mAh hupimwa kwa volti 3.7 za seli, na simu inalishwa volti 5. Ukiondoa na kinachopotea njiani, simu ya 5,000 mAh utaijaza mara moja na kidogo, si mara mbili.

Betri ikivimba, zima kifaa, chomoa chaja, usiichaji tena. Fundi aichomoe bila kuinyanyua kwa bisibisi ya chuma, maana nyingi zimebandikwa kwa gundi. Iwekwe kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, nje, mbali na nguo na watoto, mpaka ifikishwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Si kwenye pipa la takataka, wala chooni.

Laptopu ya mama yule tuliitoa betri, tukaichomeka kwenye chaja peke yake, ikawaka. Tachipadi ikabonyezeka vizuri. Ile ya kwanza aliyoitupa huenda nayo haikuwa na kosa lolote.