Karata za familia: gawa tatu, si kumi

Kila baridi ya Juni inapoingia hapa Mbeya na watu kuanza kujifungia ndani jioni, nasikia ushauri uleule: kama kuna watoto, chagueni mchezo wa bahati tupu. Hapana. Ule wa kila mtu kufunua karata moja, kubwa ikala, mtoto wa miaka tisa anaugundua upesi: hakuna anachoamua. Anaondoka, na bibi yake anasinzia.

Chezeni wahedi na sitini, ila mwangalie mnavyogawa. Toeni nane, tisa na kumi, zibaki karata 40. Ree ina pointi 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla 120, na mwenye 61 ameshinda. Mkiwa wanne, kaeni wawili wawili, mdogo awe upande mmoja na mzoefu, wakitazamana.

Mkigawa zote, kila mtu kumi, mwenye kumbukumbu anawamaliza kila siku. Gawa tatu tatu. Zinazobaki ziwe rundo, turufu ikiwa wazi chini yake, na kila mkono ukiliwa kila mtu achote moja, aliyekula akianza. Kufuata rangi si lazima. Sasa bahati iko kwenye kuchota, akili iko kwenye kuchagua, na mtoto anachagua kati ya tatu tu.

Tazama. Turufu ni uru. Mtoto ana ree ya kopa, mbili ya pau na tano ya uru. Akiwa wa kwanza akaitupa ree, mpinzani mwenye uru yoyote, hata mbili, anaizoa. Atupe mbili ya pau asubiri. Mkono unaofuata yeye ni wa mwisho: mpinzani ametupa mzungu wa nne wa kopa, bibi akaweka saba ya kopa, mpinzani wa pili tatu ya pau. Sasa ndiyo ree itoke. Pointi 25 kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyemsaidia kuchagua.

Kinachoniudhi hasa ni mkubwa anayejifanya kushindwa. Watoto wanaona! Mtu ana saba ya turufu, anaacha ree ipite, kisha mwishoni saba inafunuliwa mezani. Mtoto akishaona hivyo, hata ushindi wake halali hauamini tena. Ukitaka kumpunguzia mzigo, mpe haki iliyo wazi: mdogo peke yake, akiwa na mbili ya turufu, aruhusiwe kuibadilisha na ile iliyo chini ya rundo. Wote wanaijua, hakuna udanganyifu.

Mkiwa watatu, toeni karata moja zaidi, mojawapo ya zile mbili, zibaki 39, zigawanyike sawa. Kila mtu ajichezee, na mwenye pointi nyingi ndiye mshindi.

Hapa nina shaka kidogo: kumkabidhi mdogo kwa mzoefu kunasawazisha nguvu, lakini mzoefu akikunja uso kwa kila kosa, mtoto anacheza kwa kumtazama usoni badala ya kutazama karata. Mzoefu huyo heri akae upande wa wapinzani. Na wa miaka mitano, ambaye hata tatu zinamponyoka, ashike rundo awagawie wenzake.